Nusu Milimita: Mjukuu Wangu, Atlasi ya Babu na Mji Usiokuwamo

Jamaa wa ukoo mlioko Mikindani, Mtwara, Unguja, Maskati na huku Uingereza, na wasomaji wengine mnaotutembelea, leo nina kisa cha nyumbani cha kuwaeleza. Ni kisa cha mjukuu wangu mwenye umri wa miaka 10, atlasi kuukuu niliyorithi kwa babu yangu, na mji ambao mtoto aliuona katika kitabu kimoja akaukosa katika kingine. Nakieleza kwa sababu kilinilazimisha kulirudisha neno ambalo nimewaambia wengi wenu kwa zaidi ya miaka 20, na aliyesema hadharani hana budi kurudisha hadharani.

Atlasi yenyewe wengine mmeiona. Babu yangu alikuwa karani wa forodha pale Mikindani, akapewa kitabu hicho na Mwingereza mmoja aliyekuwa akirejea kwao. Ni atlasi ya shule, ya Kiingereza, jalada lake la kijani limechakaa, na ukurasa wa mbele wenye jina la mchapishaji na mwaka umekwisha kuliwa na mchwa. Katika ramani ya Afrika ya Mashariki, chini kabisa ya pwani yetu, kabla ya mto Ruvuma, pameandikwa Mikindani kwa herufi zinazosomeka bila ya miwani. Babu alilipigia jina hilo mstari kwa penseli nyekundu. Mtwara haimo.

Miezi michache iliyopita mwalimu wa mjukuu wangu alitundika ukutani ramani kubwa ya dunia, akawagawia watoto pini za rangi, kila mmoja achome pale ukoo wake ulipotoka. Darasa la Sparkbrook si darasa la watu wa namna moja, kwa hiyo pini zilitawanyika Kashmiri, Yemeni, Somalia, Jamaika na kwingineko. Zamu ya mjukuu wangu ilipofika alitafuta Mikindani asiione. Akafungua atlasi mpya ya shule, akatazama ramani ya Tanzania, hamna. Akatazama faharasa ya majina mwishoni mwa kitabu, hamna. Mwalimu wake, kwa wema wote, akamwambia kwamba huenda amelisikia jina vibaya, na kwamba kwa sasa angeweza kuchoma pini yake Mtwara, kwa kuwa ndio mji ulio karibu.

Alirudi nyumbani na pini yake mfukoni. Alinipa mkono wa heshima kama alivyofunzwa, akakaa kimya, kisha akauliza, "Babu, mji wetu upo kweli?"

Nikamletea atlasi ya babu na kumwonyesha penseli nyekundu. Nilidhani nimemtuliza, kumbe nimemwongezea. Alikiweka kitabu cha shule kando ya kile cha zamani, akatazama huku na huku kwa muda mrefu. "Basi ulikuwapo," alisema. "Nani ameufuta?"

Hapo ndipo ulimi wangu ulipotangulia. Nikamjibu kwa jibu nililokuwa nalo tangu zamani, kwamba wakubwa hawakuupenda mji wetu wala watu wetu, wakajenga mwingine kando yake ili sisi tusahaulike, na wachora ramani wakafuata amri. Jibu hilo wengi wenu mmelisikia kwangu kwenye harusi na kwenye matanga.

Ni haki niwaambie lilikotoka. Zamani kidogo, katika ofisi moja ya huku, nilikwenda na cheti changu cha kuzaliwa kilichoandikwa Mikindani. Mhudumu alitafuta jina hilo katika orodha ya kompyuta yake, hakuliona, akaniuliza mji gani mkubwa uko karibu, na mbele ya macho yangu akaandika Mtwara. Mimi nilikuwa karani maisha yangu yote. Nilijua kwamba ningeweza kukataa na kuomba fomu irekebishwe, lakini foleni ilikuwa ndefu nami nikatia saini. Hasira ya siku ile niliikuza nyumbani mpaka ikawa historia ya ukoo.

Mjukuu wangu hakuridhika. Watoto wa siku hizi hutaka kujua lini na vipi. Aliniuliza atlasi ya babu ni ya mwaka gani, ili tujue mji ulifutwa baada ya mwaka upi. Kwa kuwa ukurasa wa mbele umeliwa, nikamwambia tutaipata tarehe kwa kuisoma ramani yenyewe, kwani ramani hujitaja umri kwa mipaka na majina yake. Tukakaa mezani, yeye na daftari, mimi na kioo cha kukuzia.

Tulianza karibu na kwetu. Wakati wa Wajerumani, mpaka wa koloni lao haukufuata mto Ruvuma hadi baharini. Palikuwa na kipande kidogo cha ardhi kusini ya mdomo wa mto, kikiitwa Kionga, kilichokuwa chao. Wareno walikiteka mwaka 1916, na baada ya vita, mwaka 1919, wakaachiwa rasmi. Katika atlasi ya babu mpaka unafuata mto mpaka baharini. Basi kitabu ni cha baada ya vita. Kisha tukapanda kaskazini. Kenya imeandikwa koloni, jina lililowekwa mwaka 1920, na Kismayu bado imo ndani ya mpaka wake, ilhali Jubalandi ilikabidhiwa Waitalia mwaka 1925. Mwisho tukaenda Urusi, tukaukuta mji wa Petrogradi, ambao mwaka 1924 uligeuzwa jina ukawa Leningradi.

Nilimwonya asitegemee alama moja tu. Wachapishaji wa zamani walikuwa wakitumia tena mabamba yao ya chuma kwa miaka mingi, wakirekebisha jina hili na kulisahau lile, na kitabu chenye jina la zamani huweza kuwa kimechapishwa baada ya jina hilo kwisha. Lakini alama hizi zilitoka sehemu mbalimbali na zote zilikubaliana. Mtoto akaandika katika daftari: kati ya 1920 na 1924. Nilifurahi kuliko nilivyotegemea, kwa kuwa katika miaka yangu yote na kitabu kile sikupata kukaa nikakiuliza umri wake.

Swali la pili lilikuwa gumu zaidi kwangu. Alichukua simu ya baba yake, akafungua ramani, akaitazama pwani ya kusini ya Tanzania. Mtwara ilionekana, Mikindani haikuonekana. Akatanua vidole juu ya kioo, ramani ikakua, akatanua tena, na ghafla jina la Mikindani likajitokeza kando ya ghuba yake. Alipobana vidole likatoweka. Alitanua na kubana mara kadhaa, kisha akanitazama bila ya kusema neno. Nilielewa alilokuwa akiliwaza. Kitu kilichofutwa hakirudi kwa kutanua vidole.

Nikaenda kuleta rula.

Kila ramani ina kipimo chake, kinachoitwa skeli, nacho huandikwa chini au pembeni. Ile ya shule ilikuwa 1 kwa 20,000,000, maana yake milimita 1 ya karatasi ni milimita milioni 20 za ardhi, yaani kilomita 20. Sasa kutoka Mikindani kwenda Mtwara kwa barabara ni kilomita kama 10, na kwa njia iliyonyooka ya kunguru hazifiki hizo. Nikamwachia afanye hesabu mwenyewe. Akagawa 10 kwa 20, akapata nusu. Nusu milimita, tena pungufu kidogo.

Tukapima nukta ya mji wa Mtwara katika kitabu cha shule, tukaona upana wake ni kama milimita 1. Akachora katika daftari nukta ya milimita 1, kisha akajaribu kuchora nyingine ambayo kitovu chake kiko nusu milimita kando ya ya kwanza. Zikapandana, zikawa doa moja la wino. Na hiyo ni nukta tu, bado jina halijaandikwa. Herufi za kitabu kile zina kimo cha milimita 1 na nusu hivi. Mikindani ina herufi tisa, na popote ambapo ungeiandika ingelala juu ya Mtwara au juu ya mpaka na jina la mto. Kwa kipimo hicho mchora ramani hana mahali pa kuiweka miji yote miwili. Lazima achague mmoja, na yule asiyechaguliwa hawekwi kwa herufi ndogo wala kwa alama, bali haonekani kabisa.

Kisha tukaigeukia atlasi ya babu. Kipimo chake ni 1 kwa 10,000,000, milimita 1 kwa kilomita 10. Kipimo hicho ni kikubwa mara mbili, lakini hata hapo miji miwili ingetengana kwa milimita 1 tu, na nukta zake zingegusana. Jambo hili lilinikalisha kitako. Nilikuwa nikiamini kwamba atlasi ya zamani ilituthamini na ile mpya ikatudharau. Rula ilisema kwamba vitabu vyote viwili vilikuwa na nafasi ya mji mmoja tu pale pembeni, na katika miaka ya 1920 mji huo ulikuwa sisi. Mtwara wakati huo ilikuwa kijiji, na hakuna aliyeuliza kwa nini haimo.

"Kwa hiyo," mjukuu wangu alisema, "watu wa Mtwara nao wangeweza kusema wamefutwa."

Nikanyamaza, nikaona ni bora nimweleze vizuri vipi nafasi ile ilihama. Mikindani ilikaa juu ya ramani kwa sababu ya bandari na ofisi. Ghuba yake imefunikwa na vilima, nayo iliwafaa wenye majahazi. Livingstone alishukia hapo mwezi wa Machi 1866 alipoanza safari yake ya mwisho ya bara. Wajerumani wakajenga boma lao mwaka 1895, na Waingereza walipowafuata wakaikuta forodha, soko na ofisi ya serikali, wakaziendeleza. Mchora ramani aliyekaa London au Berlini hakuijua mitaa yetu. Alikuwa na orodha ya bandari na ofisi.

Baada ya vita vya pili ukaja mradi wa karanga, ulioanza mwaka 1947 huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Karanga za Nachingwea zilihitaji bandari ya meli kubwa. Ghuba ya ndani ya Mikindani maji yake ni haba, na yakipwa huacha matope, ambapo Mtwara ina maji ya kina karibu na ufuko. Bandari mpya ikajengwa Mtwara, pamoja na reli ya kwenda Nachingwea. Karanga hazikustawi, mradi ukaachwa mwaka 1951, na reli yenyewe iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Lakini bandari ilibaki, na ofisi na maduka yalikuwa yamekwisha kuifuata. Mchora ramani aliposahihisha kitabu chake alitazama orodha ileile ya bandari na ofisi, akakuta jina la Mtwara mahali pa jina letu. Kwa hakika hata serikali haikulitupa jina hilo. Manispaa ya huko mpaka leo huitwa Mtwara Mikindani, majina yote mawili kwa pamoja.

Mjukuu wangu alikuwa na swali moja zaidi, nami nalipenda swali hilo kuliko yote. Alikuwa ameiona Tunduru katika kitabu cha shule. Akauliza kama Tunduru ni mji mkubwa sana, maana imo. Nikamwambia aitazame ilipo na apime. Upande mmoja iko Songea, upande wa pili Masasi, na kila upande ni zaidi ya kilomita 150. Kwa kipimo cha kitabu chake hizo ni zaidi ya milimita 7, nafasi ya kuandika jina kwa raha. Isitoshe mchora ramani hapendi kuacha karatasi tupu, kwa kuwa msomaji hudhani hakuna watu. Kwa hiyo mji mdogo ulio peke yake huingia, na mji mkubwa kuliko huo ulio kando ya mkubwa zaidi huachwa. Anayesoma ramani akihesabu ukubwa wa miji kwa kuwamo au kutokuwamo atapotea, kama nilivyopotea mimi.

Jumamosi iliyofuata tulipanda basi kwenda mjini, katika Maktaba ya Birmingham, ile iliyofunguliwa mwaka 2013 pale Centenary Square. Nilitaka tulijaribu jawabu letu, kwa sababu hesabu ya mezani ni dai tu mpaka ipate shahidi. Dai letu lilikuwa kwamba tatizo ni nafasi, si chuki, na ikiwa ni kweli basi Mikindani itarudi katika ramani yoyote mpya yenye kipimo kikubwa cha kutosha. Tuliomba atlasi kubwa, ile inayobebwa kwa mikono miwili. Tulipata ramani ya kipimo cha 1 kwa 2,500,000, ambapo kilomita 10 ni milimita 4. Mtoto aliipitisha rula polepole kutoka Lindi kuteremka na pwani, kisha akasimamisha kidole. Ilikuwamo, kwa herufi ndogo za mlazo, jina lake likielekea baharini, na Mtwara kando yake kwa herufi nene. Kitabu hicho kilichapishwa miaka mingi baada ya ile hasira yangu ya ofisini.

Aliniambia kwa sauti ya chini, kwa kuwa tulikuwa maktabani, "Babu, hawakutufuta."

Nikamjibu kwamba ni kweli, na kwamba nilikosea. Si jepesi kwa mtu wa umri wangu kumwambia hivyo mtoto wa miaka 10, na si jepesi kuwaambia nyinyi. Sisemi kwamba watu wa Mikindani hawakupoteza kitu. Biashara ilihama, nyumba za mawe zikabomoka moja moja, na vijana wakafuata kazi walikoziona. Hayo ni ya kweli na yana wakati wake wa kuelezwa. Lakini ramani ya shule si shahidi wake, na mimi nilimfanya shahidi bila ya kumhoji.

Ilibaki ile pini. Nikamwuliza ramani ya ukutani ina kipimo gani, akaenda kuisoma na kurudi na jibu: 1 kwa 30,000,000. Kichwa cha pini tulikipima, kikawa na upana wa milimita 4. Akazidisha, akapata kilomita 120. Pini moja ikichomwa Mikindani kichwa chake kingefunika Lindi upande mmoja na mdomo wa Ruvuma upande mwingine, na Mtwara ingekuwa chini yake pamoja na Mikindani. Alicheka sana. Ugomvi wote wa achome wapi haukuwa na maana, kwani pini ya Mtwara na pini ya Mikindani ni tundu lilelile.

Hata hivyo aliona si haki jina lisionekane. Nikamwambia kwamba wachora ramani wana dawa ya zamani ya ugonjwa huo. Mahali penye msongamano huchora kisanduku pembeni, ndani yake wakaweka sehemu ile kwa kipimo kikubwa zaidi, na mstari ukaonyesha inapotoka. Atlasi nyingi hufanya hivyo kwa Unguja, au kwa miji mikuu. Akasema atakichora kisanduku chetu. Tukachagua kipimo cha 1 kwa 100,000, ili kilomita 1 iwe sentimita 1, na kilomita 10 zikae sawasawa juu ya karatasi moja ya kawaida.

Alichora kwa siku tatu, akifuata mstari wa pwani kutoka katika ramani ya simu na kuniuliza majina. Aliichora ghuba na mdomo wake mwembamba, barabara ya Mtwara, boma la Wajerumani ambalo sasa ni hoteli, msikiti na mtaa wa nyumba yetu. Siku ya tatu aliuliza jengo lile la matao, ambalo alikuwa ameiona picha yake, linaitwaje.

Jengo hilo mnalijua. Watu wa mji huliita soko la zamani la watumwa. Biashara hiyo, pamoja na pembe za ndovu na sandarusi, ni sehemu ya sababu zilizoifanya Mikindani kuwa bandari, na wazee wetu hawakuwa mbali nayo. Nilimwambia kwamba karatasi ni ndogo na jina ni refu, tunaweza kuliacha.

Aliweka penseli chini, akachukua rula, akapima. Palikuwa na nafasi ya kutosha kabisa. Akaniangalia kwa yale macho ya siku ya maktabani.

"Babu," alisema, "nafasi ipo."

Nikamwambia aandike. Akaandika kwa herufi zake za duara, pana na wazi, *Soko la zamani la watumwa*, na chini yake mstari wa pwani.

Karatasi hiyo sasa imebandikwa darasani, kando ya ramani ya dunia, na uzi mwekundu unatoka kwenye kisanduku chake mpaka kwenye pini. Mwalimu wake alimwita mbele awaeleze wenzake habari ya nusu milimita. Inasemekana mtoto mmoja wa kutoka kijiji cha Kashmiri aliomba rula papo hapo.

Nami nimefungua lile faili la ofisini na kuandika barua ya kuomba mahali pangu pa kuzaliwa pasahihishwe, nikiambatisha nakala ya cheti. Orodha ya kompyuta haikuwa na jina, lakini fomu ilikuwa na nafasi ya kuandika, na mimi ndiye niliyetia saini. Kwa wale niliowaambia kwamba tulifutwa, nawaombeni radhi. Mkitaka kuhakikisha, chukueni atlasi yoyote mliyo nayo, msome kipimo kilichoandikwa chini, kisha mpime kutoka Mtwara.